4G Ilipozimwa Mdomoni

Zamu ya kupeleka dizeli Mdomoni ilikuwa yangu. Mgongo ulinikataa asubuhi ile, nikamwambia Ramadhani aende badala yangu. Akanitukana kidogo, kama kawaida yake, akabeba begi akaondoka. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani namtupia binti wa watu lawama zote.

Mdomoni ni mnara wetu wa mwisho kusini. Uko karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, juu ya kilima kidogo cha mchanga, mikoko upande mmoja na mikorosho upande mwingine. Mvua za mwaka huo zilikata barabara sehemu mbili na kuangusha nguzo za umeme. Siku tatu mnara uliishi kwa jenereta. Siku ya nne dizeli ikaisha, ukabaki na betri. Minara ya kampuni nyingine upande ule ilikuwa imezima tangu jana yake. Ulibaki wetu tu.

Gari halikuweza kufika, kwa hiyo Ramadhani alichukua boti ya faiba pale Msimbati, yeye na nahodha anayeitwa Hassani, na madumu kumi na mawili ya dizeli. Safari ya saa moja na nusu bahari ikiwa imetulia.

Mimi nilikaa ofisini kwetu Rahaleo, mjini, na injinia mpya, Beatrice. Alikuwa na wiki tatu tu Mtwara. Binti wa Mbeya, mwenye akili nyingi, mwenye haraka, na mwenye adabu pia, maana aliniita baba tangu siku ya kwanza. Mimi niliishia darasa la saba kule Newala. Nilianza kazi hii kwa kuchimba mashimo ya misingi ya minara, nikapanda mpaka juu kabisa, na mambo mengine nimejifunza kwa kuangalia nini kinakufa ukizima nini.

Saa tano na dakika ishirini asubuhi simu ya Ramadhani ikaingia.

"Josephu, mashine imekufa."

"Imekufaje?"

"Gogo. Mto unashusha magogo kama nini sijui. Limepiga pangaboi, pini imekatika."

"Wekeni pini nyingine."

"Ya akiba ipo nyumbani kwa Hassani, kwenye kopo la misumari." Nikamsikia akimgeukia mwenzake. "Si ndiyo, nahodha? Iko kwenye kopo?" Kisha kwangu: "Anasema niache kumtangaza."

Alijaribu kucheka. Nilimfahamu miaka kumi na sita na nilijua kicheko chake cha kweli. Kile hakikuwa chenyewe.

"Mko wapi?"

"Nje ya mdomo wa mto. Maji yanapwa na mto umefurika, vyote viwili vinatusukuma nje. Boti inachota maji. Nachota kwa ndoo, Hassani anapiga kafi, lakini kafi hapa ni sawa na kijiko. Pwani inazidi kuwa ndogo, kaka."

"Nitumie mahali ulipo kwa simu. Mtandao unao?"

"Ninao. Imeandika 5G hapa. Ningekuwa na nafasi ningeangalia mpira."

Ramani ikaingia. Kidoto cha buluu juu ya maji, kilomita kama saba kutoka mnarani, kikisogea mashariki. Beatrice alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Nikampigia Zuhura, afisa uvuvi wa Msimbati. Ana boti yenye mashine mbili na hajawahi kuniuliza swali la kijinga. Alisema: "Naingia majini sasa hivi. Nipe saa moja. Lakini fundi, bahari ni pana. Boti iliyozama nusu huioni kwenye mawimbi mpaka uikanyage. Nitahitaji mnitumie walipo kila dakika tano. Nikishapita kona ya Msimbati na mimi nitakuwa kwenye mnara wenu huohuo wa Mdomoni."

"Utapata."

Nilisema hivyo kabla sijaangalia betri.

Beatrice aliigeuza kompyuta kuelekea kwangu. Betri ya Mdomoni ilikuwa asilimia kumi na nne. Kwa ulaji wa wakati ule ilibaki nusu saa.

Zuhura alihitaji saa moja kufika, na muda mwingine wa kutafuta. Hesabu ile haikuhitaji mtu aliyesoma.

"Tupunguze mzigo," alisema Beatrice. "Tuzime baadhi ya redio za kurushia mawimbi. Dar wameniruhusu, naweza kufanya kutoka hapa."

"Fanya. Upesi."

Simu yangu ikaita, alikuwa Zuhura akitaka kujua rangi ya boti na wamevaa nini. Ndani kelele za kiyoyozi zilikuwa nyingi, nikatoka kwenye ukumbi mdogo. Nikamweleza: boti ya buluu, Ramadhani ana koti la kazi la machungwa, Hassani sijui. Nilichukua dakika mbili, labda tatu. Niliporudi, Beatrice alikuwa ameegemea kiti, na uso wake ulikuwa na unafuu kidogo.

"Nimetupatia saa moja na zaidi, baba."

"Umezima nini?"

"4G. Ilikuwa na redio sita na kijiji kizima kimening'inia juu yake, ndiyo ilikuwa inakula zaidi. Nimeacha 5G. Simu ya Ramadhani iko kwenye 5G, na sasa ataipata peke yake, bila msongamano."

Nakumbuka kwamba sikupiga kelele.

"Mpigie," nilisema.

Alipiga. Mwanamke wa kwenye mashine akajibu kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena. Mwanamke yuleyule, sauti ileile tamu, isiyojua chochote.

"Lakini 5G iko hewani," alisema. "Angalia. Seli tatu, zote za kijani. Hakuna hitilafu hata moja."

"Ziko hewani. Hakuna anayeweza kuingia. Rudisha 4G."

"Kwa nini..."

"Rudisha 4G, binti! Utaniuliza ukisharudisha!"

Vidole vyake vilikimbia. Akatuma amri. Kwenye skrini redio sita zikawa njano.

"Inaandika zinaanza upya," alisema. "Dakika ngapi?"

"Ukiikata redio umeme haiamki kama taa. Inapakia programu yake, inatafuta saa ya satelaiti, ndipo inafungua seli simu zishike. Dakika nane. Tisa."

Akaweka mikono mdomoni.

Hakukuwa na la kufanya. Hilo ndilo baya kuliko yote katika kazi yetu. Ukiwa juu ya mnara kuna bolti ya kukaza, kuna kamba ya kushika. Pale tulikuwa na rangi ya njano tu. Nikampigia Ramadhani, hapatikani. Nikampigia Zuhura, naye hapatikani. Alikuwa ameshapita kona.

"Nieleze," alisema Beatrice. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilifanya mafunzo Dar miezi sita. Kwenye yadi ya makontena. Tulikuwa tunazima 4G kila Jumapili kwa matengenezo, na 5G haikuguswa. Magari yalitembea, kamera zilifanya kazi. Nieleze nimekosea wapi."

"Ile ya yadi inajitegemea. Hii yetu haijitegemei."

"Mdomoni ni NSA, ile isiyojitegemea?"

"Mkoa mzima ni NSA."

Aliinuka akaenda kwenye ubao wetu wa ukutani, ambako tunaandika kila mnara na vilivyomo. Aliweka kidole kwenye mstari wa Mdomoni. "Hapa mmeandika 4G, koma, 5G. Basi. Yadi kule waliandika hivyohivyo."

Nilikuwa nimeandika mimi, kwa mkono wangu. Hatukuwahi kuongeza neno lolote kwa sababu sisi sote tulijua. Ukiwa na watu wanne ofisini, na wote wanne wanajua, unaandika kwa ajili ya nani?

"Hilo ni kosa langu," nilisema. "Sikiliza sasa. Umeshaingia ghala la korosho msimu wa mnada?"

"Bado."

"Mlangoni anakaa karani wa mizani. Yeye ndiye anakupokea, anaandika jina lako, anakuambia gunia lako liende wapi. Ndani kuna wachukuzi wenye mabega kama milango. Siku karani hayupo, wachukuzi mia hawabebi gunia hata moja, maana hakuna aliyewaambia ni la nani na linakwenda wapi. Hapa kwetu 4G ndiye karani, 5G ni mchukuzi. Simu ikiwaka inabisha hodi 4G. 4G inaisajili, inazungumza na mitambo mikuu ya Dar, mitambo ya 4G hiyohiyo ya zamani. Halafu, ikiona simu ina mzigo mkubwa na iko karibu, inaiambia: fungua na njia ya pili kule kwa 5G. Amri zote zinapita 4G. 5G inabeba tu. Na akipiga simu ya sauti, sauti ile yote ni ya 4G."

"Kwa hiyo nilimfukuza karani."

"Ulimfukuza karani ukawaacha wachukuzi wamesimama. Ndiyo maana ni kijani. Wamesimama, wana nguvu, hawana kazi."

"Na kule yadi..."

"Kule 5G ina karani wake na ghala lake. Ina mitambo mikuu mipya ya kwake. Simu inabisha hodi 5G moja kwa moja. Unaweza kung'oa 4G ukaitupa baharini."

Sikupenda kwamba nimetaja bahari. Zilikuwa zimepita dakika nne.

"Kwa nini hatukujenga hivyo huku?" aliuliza, karibu kwa hasira. "Kwa nini mnajenga kitu kinachoegemea kingine?"

"Kwa sababu ni haraka na ni nafuu. 4G ilikuwepo, mitambo yake ilikuwepo. Unapachika redio mpya juu ya mnara uleule, unaunganisha, kesho mkubwa fulani anakata utepe. Mitambo mipya wameanza nayo Dar kwa wateja wachache. Huku itakuja siku itakayokuja."

Alirudi kwenye kompyuta. Nikajua anawaza nini kabla hajasema.

"Tuibadilishe Mdomoni sasa hivi. Tuiwashe kama inayojitegemea. Redio ni zilezile. Ni programu, na kuiunganisha na mitambo mipya..."

"Na leseni yake, na njia ya kufika kwenye mitambo hiyo, ambayo huku haijafunguliwa. Na laini ya Ramadhani iwe imeandikishwa kule, na simu yake iwe imeruhusiwa. Ungekuwa na siku mbili ningekuambia jaribu."

"Lakini yeye mwenyewe alisema ana 5G! Nilimsikia!"

"Alama ile?" Nilishusha pumzi. "Alama ile inatangazwa na 4G. Seli ya 4G inasema, mimi nina mwenzangu wa 5G, basi simu inaandika 5G hata kama huyo mwenzake yuko mbali nayo. Wimbi la 5G yetu ni fupi, ni la mjini. Kilomita saba baharini, kwenye boti inayoyumba, na redio zenyewe zimeelekezwa kijijini? Hakuwa nayo, Beatrice. Hakuwa nayo hata kidogo. Alikuwa anaongea nasi kwa 4G, ile ya masafa ya chini inayofika mbali."

Hilo lilimvunja. Lile la karani alilivumilia, ni jambo la kujifunza. Lakini kwamba alimzimia mtu kitu pekee alichokuwa nacho, kwa kuamini herufi mbili juu ya kioo, lilimkalisha chini. Hakulia. Alikaa na mikono kati ya magoti, akitazama njano.

"Tulipaswa kuzima nini?" aliuliza.

"Kinyume chake. Zima 5G yote, hakuna anayeihitaji leo. Zima 4G ya masafa ya juu. Bakiza redio moja tu ya masafa ya chini, ile inayoelekea baharini. Moja. Kijiji kitalia, kilie. Ingekaa saa mbili na zaidi."

"Nafanya sasa. Nazima 5G."

"Zima. Na ukiona hizo redio zinaamka, bakiza ya baharini."

Alifanya hivyo, polepole, akisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza, na kila mstari akinitazama. Betri ilikuwa asilimia kumi na moja. Dakika ya saba. Nilikuwa nimesimama dirishani. Nje, mama mmoja alikuwa anauza mihogo ya kukaanga kwa mafundi pikipiki na mmoja wao alikuwa anamtania. Nilitamani kumpiga mtu yule.

Dakika ya nane Beatrice alisema, "Imepata saa." Dakika ya tisa: "Imefungua seli."

Nikapiga. Hapatikani.

"Simu yake bado inatafuta," alisema. "Mpe kidogo."

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena.

Ikaita.

"Josephu!" Upepo ulikuwa umejaa kwenye simu. "Mlikwenda wapi? Mlikwenda wapi ninyi?"

"Tuko hapa. Zuhura anakuja, ameshapita kona. Tuma mahali ulipo, usikate..."

"Hassani amejirusha."

Sikumwelewa. Nilimwambia aseme tena.

"Hassani ameingia majini. Mtandao ulipokatika tulisubiri. Niliinua simu juu, niliizima nikaiwasha. Hakuna kitu. Hassani akasema, mnara umekufa, betri imekwisha, sasa hakuna anayejua tulipo. Akasema boti hii haikai saa nzima. Kulikuwa na kisiwa cha mikoko, tulikiona, si mbali. Akamwaga dumu moja, akalifunga kifuani. Akasema yeye ndiye anajua maji haya, atafika, atapata mtumbwi, atanirudia. Nilimshika shati, Josephu. Wallahi nilimshika."

"Lini?"

"Sasa hivi! Dakika mbili, tatu. Nilikuwa namwona. Mto umemzungusha, umempeleka nyuma ya mawimbi. Simwoni."

Nilikuwa nimeiweka simu kwenye sauti ya wazi. Beatrice alisikia yote.

"Tuma mahali ulipo," nilisema. "Na usitoke kwenye hiyo boti. Hata ikizama, shika madumu. Dizeli inaelea, si unajua? Yafunge pamoja uyashike."

"Najua dizeli inaelea, wewe," alisema, na sauti ikamkatika.

Kidoto kikaingia. Kilikuwa kimesogea zaidi ya kilomita nzima, na si mashariki tena. Mkondo ulikuwa umewageuza kusini, upande wa Msumbiji. Zuhura alikuwa amekwenda mashariki kwa kidoto cha zamani. Beatrice alimpata kwenye simu kabla yangu, akamsomea namba za mahali pale moja moja, akamfanya azirudie. Kisha akasema, "Kuna mtu wa pili yuko majini, bila boti. Alitokea hapohapo, anaelekea mikoko. Ana dumu."

"Kwa nini ametoka botini?" Zuhura aliuliza. Tulimsikia wote wawili.

Beatrice alijibu, "Kwa sababu nilizima mtandao."

Hakukuwa na muda wa Zuhura kuuliza maana yake.

Kuanzia hapo tulitumiana vidoto kila dakika tano. Asilimia tisa, saba. Redio moja tu, ikiangalia bahari. Ndugu za watu wa kijijini walipiga simu ofisini kutoka mjini, wakitutukana, na Beatrice alizipokea moja moja akisema samahani. Saa saba kasoro dakika kumi Zuhura alipiga. Amemwona mtu wa koti la machungwa kwenye madumu, boti haionekani tena. Saa saba kamili Ramadhani alikuwa ndani ya boti yake, hawezi kuongea, anatetemeka, mzima.

Zuhura alizunguka mikoko mpaka betri ilipofika asilimia tano na mnara ukajizima wenyewe. Aliendelea kuzunguka hata baada ya hapo, sisi tukiwa hatujui, kwenye ukimya. Alirudi Msimbati jioni, na ndipo tukajua kwamba hakumwona Hassani.

Dumu la Hassani lilipatikana kesho yake, kamba ikiwa bado imefungwa. Mwenyewe walimpata siku ya tatu, ufukweni, upande wetu wa mpaka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Makao makuu walituma barua fupi wakitaka taarifa ya tukio. Mkuu wetu alimpa Beatrice mfano wa kufuata: hali mbaya ya hewa, chombo kidogo, mkandarasi wa nje. Aliisoma mbele yangu, akaiweka pembeni, akaandika ya kwake. Aliandika saa aliyozima na saa seli ilipofunguka. Aliandika nani aliamua. Mimi nikaongeza mstari wangu kuhusu ubao, nikatia sahihi. Mkuu alisema tunajichimbia kaburi. Nikamwambia kaburi limeshachimbwa, Msimbati, na watu wameshamaliza kulifukia.

Tulikwenda msibani Ijumaa, Beatrice, Ramadhani na mimi. Ramadhani bado alikuwa anakohoa kwa maji ya chumvi aliyomeza. Wanaume walikuwa nje kwenye mikeka, wanawake ndani kwa mfiwa. Beatrice alijifunga kanga kichwani akaingia ndani. Sisi tukakaa.

Nilijua mapema kwamba pana jambo. Watu walimpa Ramadhani mkono bila kumtazama. Kaka mkubwa wa marehemu, mtu mwembamba, mkulima wa korosho, ndiye aliyelisema.

"Tunasikia nahodha aliacha boti," alisema. "Aliacha abiria wake akatafuta kuokoa roho yake. Ndivyo wanavyosema sokoni. Baba yetu alikuwa nahodha. Babu yetu alikuwa nahodha. Hakuna aliyeacha boti."

"Alikwenda kunitafutia msaada," alisema Ramadhani.

"Wewe ulikuwa umeshika simu. Ukasubiri, ukaokolewa. Kwa nini yeye hakusubiri?"

Ramadhani alifungua mdomo. Alimtazama yule mtu, akanitazama mimi, akanyamaza. Kumweleza kulimaanisha kumtaja Beatrice, na Beatrice alikuwa ndani ya nyumba ile, amekaa mkekani na mjane. Mimi pia nilinyamaza. Nimepanda minara ya mita sitini kwenye upepo, lakini pale nilinyamaza.

Mlango ukafunguka. Alitoka Mwanahawa, dada wa marehemu, amemshika Beatrice mkono. Macho ya Beatrice yalikuwa yamevimba. Wanaume wakageuka, maana haikuwa kawaida wanawake kuja upande wao.

"Kaka," alisema Mwanahawa, "huyu dada ametuambia jambo kule ndani. Wifi amelisikia mpaka mwisho. Anasema atoke alirudie hapa kwenu, kama alivyolisema kule, asipunguze."

Kaka mkubwa alimtazama Beatrice. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka. Beatrice hakukaa.

"Shikamooni wazee," alisema. Walipoitikia, akaendelea. "Mimi ndiye injinia wa ule mnara. Kuna mitandao miwili pale juu. Mmoja unategemea mwingine. Mimi nilizima ule unaotegemewa, kwa dakika tisa, nikidhani nawasaidia. Kabla ya dakika hizo Hassani alikuwa anapiga kafi, hajaacha kitu. Baada ya dakika hizo simu ilirudi. Katikati, kwa mtu yeyote aliyekuwa kwenye boti ile, mnara ulikuwa umekufa kabisa. Hakukosea. Alichokiona ndicho kilichokuwepo."

Mzee mmoja nyuma aliuliza, "Usingeuzima, Hassani angesubiri?"

"Angesubiri," alisema Ramadhani kutoka pale chini. "Simu ilipokuwa hewani alikuwa anapiga kafi na kuniambia nisimtangaze habari ya pini."

Hakuna aliyecheka. Kaka wa marehemu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoinua alisema kwa Beatrice, bila ukali na bila upole:

"Hiyo mitandao miwili. Anza tena hapo. Wapo waliokaa mbali hawakusikia."

Beatrice akavuta pumzi, akageukia wale wa nyuma, akaanza tena.